Shem, Kuna Taa ya Buluu Imewaka

Ilikuwa Jumamosi saa mbili na nusu usiku, mimi niko Nakuru kwa nyumba na sahani ya ugali mbele yangu, simu ikalia. Shemeji yangu. Alikuwa ametoka kwangu jioni hiyo hiyo na Probox aliyonunua wiki mbili nyuma, anarudi Kisumu kwa njia ya Kericho, na sasa amesimama Mau Summit kwa petroli.

"Shem, kuna taa ya buluu imewaka hapa kwa dashibodi. Iko kama ka-kikombe kamelala, halafu kana mistari inatoka mbele. Niendelee ama nitafute fundi?"

Nikamuuliza kama kuna nyekundu yoyote. Hakuna. Njano? Hakuna. Gari inavuta vizuri? Inavuta.

"Basi hiyo si shida, hiyo ni ya mataa tu. Endesha."

Nikarudi kwa ugali.

Hiyo sentensi, hiyo si shida, imenikaa kichwani karibu miezi miwili sasa. Kila nikiiangalia naona ilikuwa kweli tupu, na bado ilikuwa jibu baya kuliko yote ningeweza kumpa.

## Ati kuna polisi mbele

Alifika Kisumu salama, hilo niseme mapema msije mkakaa na wasiwasi. Lakini safari aliyonisimulia kesho yake ndiyo ilinifanya nianze kufikiria.

Kutoka Mau Summit akateremka Londiani, akapita Kedowa, Chepseon, na njia yote kila gari iliyokuja mbele yake ilikuwa inampiga mataa. Lori, matatu, basi, kila mtu. Sasa nyinyi mnajua vile sisi tunasoma hiyo lugha. Ukipigwa mataa na gari inayokuja, maana yake ni polisi wako mbele. Kwa hivyo shem akafanya kile mtu mwema hufanya, akafunga mkanda vizuri, akapunguza mwendo, akatoa leseni akaiweka karibu na gia. Polisi hawaonekani. Anapigwa tena. Anapunguza tena. Akaanza kuamini kuna msako mkubwa sana Kericho, labda mtu ameiba benki.

Alipofika Kericho akasimama kununua maji, na dereva wa lori aliyekuwa nyuma yake kutoka Kedowa akashuka akaja hadi kwa dirisha.

"Kijana, unataka kutuua? Zima fulu."

Shem akamwambia hajui fulu inazimwa wapi. Yule mzee, na Mungu ambariki, akaingiza mkono kwa dirisha, akavuta ule mkono wa mataa upande wa kulia wa usukani, ule ule shem alikuwa ameusukuma mbele bila kujua akitafuta mwangaza zaidi kule Salgaa. Tak. Taa ya buluu ikazima.

"Alinitengenezea gari bure," shem akaniambia.

Alisema "alinitengenezea", na sikumsahihisha. Hilo ndilo kosa langu la pili.

## Swali nililolijibu halikuwa lile aliloniuliza

Mimi huwa najiona najua magari. Si fundi, lakini nimeendesha miaka kumi na kitu na nimechomwa na mafundi vya kutosha kujifunza. Na hesabu niliyokuwa nayo kichwani kuhusu dashibodi ni ile kila mtu anayo, ya mataa ya barabarani: nyekundu simama, njano jiangalie, kijani na buluu wachana nayo.

Nusu ya hiyo hesabu iko sawa. Nyekundu ya oili, ya betri, na njano ya injini au ABS, hizo ni gari inasema kuhusu mwili wake. Kuna kitu ndani kimepimwa kikapatikana hakiko sawa. Presha ya oili imeshuka, kaswichi pale kwa injini kameihisi, taa imewaka. Hukuiwasha wewe na huwezi kuizima kwa kidole.

Buluu na kijani ni kitu tofauti kabisa, si kwamba ni onyo dogo zaidi. Hapo gari haisemi kuhusu mwili wake, inasema kuhusu mkono wako. Umesukuma mkono wa fulu mbele, nayo inakurudishia habari: umewasha fulu, bado iko. Umezungusha ile ringi ya foglaiti, nayo inakwambia kwa kijani: foglaiti iko. Ni kama mtoto anayerudia vile umemtuma ili ujue amesikia.

Sasa shem aliponiuliza "niendelee?" mimi nilisikia "gari ni mgonjwa?" na kwa hilo swali jibu lilikuwa hapana. Lakini taa ya buluu haikuwa inajibu hilo. Ilikuwa inasema kuna kitu unakifanya sasa hivi, na wanaokiona ni wale walio mbele yako. Gari ilikuwa nzima. Waliokuwa na shida ni madereva kama sabini wa upande ule mwingine, wanaingia kona za Londiani usiku na hawaoni kitu.

Nadhani ndiyo maana fulu ikapewa rangi yake peke yake. Kwa kiwango cha kimataifa cha alama za dashibodi, ISO 2575, na kwa kanuni nambari 121 ya Umoja wa Mataifa, taa za kuonyesha kitu kimewashwa ni kijani kwa sehemu kubwa: indiketa kijani, dimu kijani kama gari inayo, foglaiti ya mbele kijani. Fulu peke yake ndiyo buluu. Hiyo "ndiyo maana" ni yangu, sijaisoma mahali, lakini kijani unaweza kukizoea ukakisahau, na fulu ni kitu hutakiwi kukisahau hata dakika moja ukiwa na mtu mbele.

Na michoro yenyewe imefikiriwa, ukishaonyeshwa huwezi kuacha kuiona. Kile kikombe kilicholala ni taa ya mbele ikitazama kushoto. Mistari ikinyooka moja kwa moja, ni fulu, mwanga unaenda mbali. Mistari ikiinama kuangalia chini, ni dimu. Ikiinama na pia imekatwa na mstari wa wima uliojikunja kama nyoka, hiyo ni foglaiti ya mbele, na huyo nyoka ndiye ukungu. Dimu na foglaiti watu wanazichanganya sana kwa sababu zote ni kijani na zote zinainama. Tafuta nyoka.

## Kitu cha kufanya na ufunguo

Kuna njia rahisi ya kuona hizi familia mbili kwa gari yako mwenyewe na haihitaji fundi. Ingia, funga mlango, zungusha ufunguo hadi ON lakini usiwashe injini.

Dashibodi itajaa kama Krismasi. Oili, betri, injini, ABS, mkanda, mfuko wa hewa. Baadhi zitazima zenyewe baada ya sekunde chache, nyingine kama oili na betri zitangoja hadi injini iwake. Gari inafanya hivyo makusudi, inakuonyesha kwamba zile taa za onyo zenyewe ziko hai. Kwa sababu onyo ambalo balbu yake imeungua ni hatari, oili inaisha na taa imenyamaza na wewe unajua kunyamaza ni amani. Kwa hivyo kila ukiwasha gari inakuthibitishia kwamba hizi zikinyamaza zinanyamaza kwa haki.

Sasa angalia buluu na kile kijani chenye nyoka. Kwa gari nyingi tunazoendesha huku hazitawaka hapo, mpaka uguse swichi yake.

Nilifanya hivyo na Fielder yangu asubuhi moja, nikakaa pale nikiangalia, na ndipo wasiwasi mpya ukaingia. Kama buluu haijipimi, nitajuaje kwamba ikinyamaza inasema ukweli?

Ningelifuata hilo swali siku hiyo hiyo tungeokoa pesa.

## "Imepona kabisa"

Wiki tatu baadaye shem ananipigia kwa furaha. Alikuwa hapendi mwangaza wa Probox, ni kweli dimu yake ilikuwa hafifu, basi akaenda kwa fundi mmoja akatoa zile balbu za kawaida za halojeni akaweka za LED, nyeupe kama mchana.

"Na shem, unajua nini? Ile taa ya buluu imepona kabisa. Hata nisukume mkono hadi wapi, haiwaki tena."

Nilinyamaza kidogo.

Niliona kile nilikuwa nimemwachia. Sikumwambia ile taa ni nini, nilimwambia tu si shida, na mtu akiambiwa kitu si shida lakini kikamletea shida, kichwani anakiweka kwa kundi la magonjwa madogo. Kama kikohozi. Sasa kikohozi kimeisha.

Nikamuuliza, "Na bado unapigwa mataa?"

"Shem, sasa ni zaidi. Kutoka Ahero hadi Awasi ni kama harusi."

Hapo nikamwambia akija Nakuru asirudi kabla hatujaangalia hiyo gari pamoja.

## Ukuta

Alikuja Ijumaa. Tukangoja giza liingie, tukaweka Probox kwa kiwanja cha jirani kule Kiamunyi, mita kama tano kutoka kwa ukuta uliopakwa rangi nyeupe, injini inanguruma. Yeye ndani, mimi nje.

Dimu ya halojeni kwa ukuta ina umbo, si mwanga tu. Kuna mstari, chini yake kumeangazwa, juu yake giza, na kwa sababu sisi tunaendesha kushoto, ule mstari unapanda kidogo upande wa kushoto ili uone anayetembea pembeni ya barabara bila kumchoma macho anayekuja kulia. Ukisukuma fulu mstari unapotea na mwanga unaruka juu, katikati, mduara mkali. Huhitaji kujua chochote, macho yanaona.

Na hizo LED za shem, hata kwa dimu mstari ulikuwa umechafuka. Mwanga ulikuwa umemwagika juu mahali ambapo palipaswa kuwa giza. Kioo na kile kikombe cha ndani cha taa vilichorwa kwa uzi wa balbu unaokaa mahali fulani kamili, na hizi zilikuwa na vidude vya mwanga ambavyo havikukaa hapo. Kwa hivyo hata akiwa dimu alikuwa anachoma watu. Hiyo ni moja.

"Sasa sukuma mkono mbele."

Ukuta ukabadilika. Mwanga ukaruka juu kabisa, tuliona hadi matawi ya mti ulio nyuma ya ukuta.

"Buluu imewaka?"

"Hapana."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu kabisa shem, dashibodi ni giza."

Fulu ilikuwa imewaka na dashibodi haikusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mwanga mkali kiasi sikumwona usoni, na ndani mtu ameketi bila habari yoyote.

## Vile fundi wa waya alieleza

Kesho yake tukaenda kwa fundi wa waya, si yule aliyeweka LED, mwingine, mzee mpole hapa Nakuru anayefanya kazi na redio imewashwa wakati wote. Hakuuliza maswali mengi. Akafungua boneti, akachomoa soketi ya balbu, akacheka.

Balbu ya Probox ya shem ni ile ya H4, moja lakini ina nyuzi mbili ndani, wa dimu wati 55 na wa fulu wati 60. Soketi ina pini tatu. Wengi wetu tunafikiria swichi ya usukani inapeleka moto kwa uzi wa dimu au wa fulu, na kuna gari nyingi ziko hivyo. Lakini kwa baadhi ya Toyota na Suzuki, na hii ilikuwa moja, ni kinyume. Ukiwasha taa, moto unafika kwa balbu na kukaa pale kwa ile pini ya pamoja, na swichi kazi yake ni kuchagua ni uzi gani upate athi, yaani urudi kwa bodi. Uzi uliopata athi ndio unawaka.

"Sasa hii taa yako ndogo ya buluu," mzee akasema akigonga dashibodi na bisibisi, "haina moto wake. Inaomba kwa balbu."

Ukiwa kwa fulu, ule uzi wa dimu umelala, hauwaki, lakini bado ni waya, na moto kidogo unapita ndani yake kwenda kuwasha ka-taa ka buluu. Kataa kanakula kidogo sana kiasi uzi wa dimu hata haupati joto. Ndivyo ilivyokuwa siku zote na hakuna aliyejua kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Ukitoa balbu ya uzi na kuweka LED, ndani hakuna uzi tena, kuna sakiti, na hiyo sakiti haipitishi ule moto wa kuomba. Fulu inawaka vizuri. Buluu inakufa njaa.

Kuna adapta inauzwa ya kugeuza hiyo mambo, mzee alisema anaweza kuiweka. Lakini akamwangalia shem akamwambia wazi: buluu nitakurudishia, mwanga unaomwagika siwezi, huo ni wa hiyo balbu kwa hicho kikombe. Shem akarudisha halojeni mpya, mbili, na mzee akasugua vioo vya mbele vilivyokuwa vimefifia njano. Hivyo vioo ndivyo vilikuwa vinakula dimu tangu mwanzo. Si balbu.

Akawasha, akasukuma mkono. Buluu ikawaka. Shem akapiga makofi, halafu akajikuta anapigia makofi kitu alichosherehekea kikifa.

## Kijani changu mwenyewe

Nilifikiri kitu cha shem ni cha gari yake na waya zake za ajabu. Halafu nikakumbuka swali langu la asubuhi ile na ufunguo.

Fielder yangu ina foglaiti za kiwanda chini kwa bampa. Mimi huzitumia kweli, kwa sababu naenda Eldoret mara kwa mara na Timboroa ina siku zake, unaingia kwa wingu hivi hivi na barabara inapotea. Na hapo, kwa wale ambao bado wanafanya hivi, fulu ni kosa. Ukungu ni matone ya maji yamening'inia hewani, na fulu inapiga yale yaliyo mbele ya macho yako na mwanga unakurudia, unabaki na ukuta mweupe. Foglaiti iko chini, imetandaza mwanga kwa upana, na juu imekatwa, kwa hivyo inapita chini ya kile unachoangalia na kukuonyesha mstari wa barabara na ukingo wa karibu. Dimu na foglaiti, na mwendo wa kupungua. Hilo nalijua na nimejisifia mara nyingi.

Jioni moja nikaegesha mbele ya duka lenye dirisha kubwa la kioo, kijani kinawaka kwa dashibodi, na kwa kile kioo nikaona gari yangu ina foglaiti moja. Ya kulia imekufa. Nikashuka nikaangalia, ndani ya balbu kumekuwa keusi kabisa, si ya jana hiyo.

Na kijani kilikuwa kinawaka safari zote hizo. Mimi naangalia dashibodi, naona nyoka wangu wa kijani, najua niko sawa.

Hapa ndipo nikapata kitu ambacho kama ningekijua zamani ningelala vizuri. Kanuni nambari 48 ya Umoja wa Mataifa, ile ya vile mataa yanafungwa kwa gari, inagawanya hizi taa ndogo kwa aina mbili. Moja inasema kifaa kimewashwa na inakuonyesha pia kama kinafanya kazi sawasawa au la. Nyingine inasema tu kimewashwa, sakiti imefungwa, basi, kama balbu kule mwisho iko au haiko haihusiki. Na fulu na foglaiti ya mbele zinatakiwa kuwa na hiyo ya pili tu. Kijani changu hakikudanganya hata siku moja. Mimi ndiye nilimwekea maneno mdomoni.

Indiketa ndiyo iko kwa kundi lile lingine, na sote tunaijua bila kujua. Kawaida inapiga kama mara tisini kwa dakika, kanuni inaruhusu kati ya 60 na 120. Balbu moja ya pembeni ikiungua, gari nyingi zinaanza kupiga haraka haraka, tikitikitiki, na kila dereva wa matatu atakwambia "balbu imeenda". Hapo mshale wa kijani, ambao ni taa ya kuonyesha kitu kimewashwa, umegeuka ukakupa pia habari ya ugonjwa.

Kwa hivyo hata rangi ile ile haikupi jibu moja. Kijani cha indiketa kinajua kuhusu balbu. Kijani cha foglaiti hakijui.

## Zile zinazoharibu hesabu

Nikiwa hapo nikajaribu kuandika kwa karatasi: nyekundu na njano ni ugonjwa, buluu na kijani ni mkono wako. Nikaipenda. Ikadumu kama siku mbili.

Ya kwanza kuivunja ni foglaiti ya nyuma. Gari zilizotoka Uingereza karibu zote zinayo, na kwa dashibodi ni njano. Njano! Na si ugonjwa, umeiwasha wewe. Ukitaka kuitofautisha na ya mbele, kikombe chake kinatazama kulia, na mistari imenyooka, nyoka yule yule. Ile taa ya nyuma ni nyekundu kali, karibu kama ya breki, ili anayekufuata kwa ukungu akuone mapema, na usiku usio na ukungu inamchoma macho na kumfanya asijue umekanyaga breki lini. Mimi naisoma ile njano hivi: gari inakubali umeiwasha mwenyewe, lakini inakuomba usiisahau.

Ya pili ni Passo ya mama mdogo. Ana taa ya buluu kila asubuhi, na alikuwa ameshasikia hadithi ya shem kwa familia, basi akaanza kuvuta mkono wa mataa na buluu haizimi. Nikaenda kuangalia. Ni buluu kweli lakini ni mchoro wa kipimajoto kimesimama kwa maji. Hiyo inasema injini bado ni baridi, na asubuhi za Nakuru hizi, ni haki yake. Inawaka yenyewe na inazima yenyewe baada ya dakika chache, hakuna mkono wa mtu hapo. Hiyo buluu inapima kitu. Kwa hivyo yenyewe inaweza hata kukuambia ugonjwa: ikiendelea kuwaka nusu saa ukiwa barabarani, mara nyingi themostati, ule mlango mdogo unaoachilia maji ya injini yaende kwa rejeta, imekwama wazi, au iliondolewa na fundi fulani "ili gari isichemshe", vile wanapenda kufanya huku, na injini haifiki joto lake na mafuta inakunywa zaidi.

Karatasi nikaitupa. Kilichobaki ni maswali mawili ninayojiuliza nikiona taa yoyote: imewashwa na mkono wangu au na kitu kimepimwa? Na kama ni mkono wangu, inajua kilichotokea kule mwisho wa waya, au inajua swichi tu?

Kwa zile zinazojua swichi tu, sasa nina ukuta. Mwisho wa mwezi, usiku, dakika mbili: dimu, fulu, foglaiti, mke wangu anasukuma mikono na mimi naangalia mwanga. Yeye anasema ni mchezo wa watoto. Anasukuma lakini.

## Salgaa

Wiki iliyopita shem alinipigia tena, usiku, amesimama Salgaa. Moyo ukaruka.

"Shem, nimepigwa mataa."

"Na buluu?"

"Nimeangalia. Haijawaka. Nikavuta mkono nirudishe tena kuhakikisha, nikaangalia vile barabara inaangazwa, ni dimu kabisa, mstari uko."

"Sasa?"

"Sasa nikajiambia, kama si mimi, basi ni polisi."

"Halafu?"

"Shem, ni polisi. Wako hapa. Wananingoja nimalize simu."